Risala ya kumuaga mstaafu: jinsi ya kuiandika kwa niaba ya ofisi nzima

Katika utumishi wa umma Tanzania, siku ya mtu kustaafu haimshtukizi yeyote. Anayetimiza miaka 60 anaondoka kwa mujibu wa sheria, na anayetaka kuondoka kwa hiari anaweza kuanzia miaka 55. Afisa utumishi anaijua tarehe hiyo miaka mingi kabla. Hata hivyo, risala ya watumishi huandikwa usiku wa kuamkia hafla, tena na kijana aliyepewa kazi hiyo kwa sababu tu ana kompyuta mpakato. Matokeo yake mnayajua: "mchapakazi, mcheshi, mwenye upendo na ushirikiano, pengo lako halitazibika." Ukibadilisha jina, risala hiyohiyo inamfaa mhasibu, dereva na mganga mkuu.

Mwongozo huu ni wa huyo kijana. Nitatumia mfano mmoja wa kutunga mwanzo hadi mwisho: mama aliyefanya kazi masjala ya halmashauri ya wilaya tangu 1991, ambaye ofisi nzima inamwita Mama Masjala. Aliyewahi kufuatilia barua halmashauri hatapata shida kumwona.

Kwanza, jua dakika zako na mipaka yako

Kabla ya kuandika neno lolote, muulize mshereheshaji mambo mawili: nina dakika ngapi, na nani anazungumza kabla yangu. Ukisoma kwa sauti mbele ya watu, kwa utulivu, unapita kama maneno mia moja kwa dakika, pengine pungufu kwa sababu watu watacheka na wewe utasubiri. Dakika nne ni maneno kama 350, yaani ukurasa mmoja wenye herufi kubwa. Risala ya kurasa tatu inasomwa mbele ya watu wanaoangalia sahani.

Swali la pili lina uzito zaidi. Mara nyingi afisa utumishi husoma wasifu wa mstaafu: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliajiriwa kwa cheo gani, akapandishwa lini. Kama yeye atasoma hayo, wewe usiyarudie. Kazi yako ni kueleza kitu ambacho hakimo kwenye jalada lake binafsi.

Kuna mtego mwingine unaotokana na mazoea yetu. Risala ya Mei Mosi au ya kumpokea kiongozi ina sura yake: salamu, mafanikio, changamoto, maombi. Mwandishi wa risala ya kuaga hufuata sura hiyo bila kujua, na katikati ya kumuaga mama wa watu unasikia "pamoja na mafanikio hayo, Ndugu mgeni rasmi, tunakabiliwa na uhaba wa samani". Siku hiyo si ya samani. Hata kama mkurugenzi yupo na hampati nafasi nyingine ya kumwona, changamoto zisubiri kikao cha watumishi.

Kusanya kwa mtu mmoja mmoja, si kwenye kundi la wasapu

Wengi huandika kwenye kundi: "Jamani, tuchangie maneno ya kumuaga Mama." Anayejibu kwanza anaandika "Mungu akubariki Mama yetu", na wengine ishirini wanafuata kwa maneno yaleyale na alama za mikono. Ukimaliza huna kitu cha kuandikia. Wafuate watu mmoja mmoja, wiki mbili kabla, na usiwaulize Mama alikuwa mtu wa namna gani. Swali hilo linaleta sifa. Waulize maswali yanayoleta matukio:

- Kuna jambo unalolifanya kazini mpaka leo kwa sababu yeye alikufundisha?
- Neno gani analisema kila mara, mpaka ukilisikia kwingine unamkumbuka yeye?
- Siku gani ofisi ilikwama, yeye akaikwamua?

Usiishie kwa wenye vyeo. Dereva, mlinzi na mhudumu wa ofisi waliona mambo ambayo wakuu wa idara hawakuyaona, kwa sababu mbele yao mtu hajipangi. Kama hawapendi kuandika, waombe wakutumie sauti. Watafute pia wawili watatu waliohamishwa zamani. Wao ndio wenye mambo ya miaka ya tisini, na mstaafu atafurahi sana kusikia kwamba mtu wa wakati ule bado anamtaja.

Halafu piga simu moja kwa siri nyumbani kwake, kwa mume, mtoto au mdogo wake. Uliza anapanga kufanya nini akishastaafu, na kuna jambo gani asingependa litajwe. Simu hii inaokoa mengi. Unaweza kuwa umeandaa utani mzuri kuhusu safari zake za kwenda kliniki, kumbe kuna ugonjwa ambao familia haijautangaza.

Geuza kila sifa kuwa tendo

Tuseme umekusanya, na kwenye daftari lako kuna haya kumhusu Mama Masjala: "Ni mvumilivu." "Alinifundisha kuandika dokezo." "Anakumbuka kila jalada liko wapi." "Siku masjala ilipovuja alikuja Jumamosi." "Hana makuu." "Alimsainisha bosi." "Wazee wa vijijini wanampenda." "Siku moja alisinzia kwenye kikao cha wakuu wa idara, akaamka akasema naunga mkono hoja."

Kwa kila mstari jiulize: alifanya nini mpaka mtu akasema hivi? Rudi kwa aliyesema "mvumilivu" umwulize. Atakwambia, kwa mfano, kwamba dokezo lako likiwa baya Mama hakukusema mbele ya watu. Alilirudisha na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: "Anza na ombi, maelezo yafuate." Hapo umepata kitu. Neno "mvumilivu" sasa halina kazi tena, kwa sababu wasikilizaji watalisema wenyewe kimoyomoyo.

Ukishageuza hivyo utabaki na matendo sita au saba. Chagua matatu tu ya shukrani, na yasifanane. Mimi ningechukua moja linalohusu sisi wenzake (dokezo), moja linalohusu ofisi yenyewe (mvua na majalada) na moja linalohusu wananchi (wazee wanaokuja dirishani). Ukitaja kumi, hakuna hata moja litakalokaa kichwani mwa mtu.

Kisa cha kuchekesha: hapa ndipo risala inapokufa au kupona

Kisa kikiwa kizuri kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kinachekesha, na kinamsifu bila kutumia neno la sifa. Kikiwa kibaya, mstaafu anacheka kwa adabu, na anakwenda nyumbani nacho moyoni. Hivyo kipitishe kwenye maswali machache.

La kwanza: mwisho wa kisa, nani ameshinda? Ni lazima awe yeye. Anayechekwa anaweza kuwa ninyi, au kompyuta, au bosi aliyekwisha kuhama, lakini si yeye. Kwa kipimo hicho kisa cha kusinzia kinaondoka, hata kama ofisi nzima inakipenda. Mezani mkinywa chai ni sawa. Mbele ya wajukuu wake na mgeni rasmi, mtu aliyefanya kazi zaidi ya miaka thelathini hakumbukwi kwa kusinzia.

La pili: je, kisa kinagusa jambo ambalo kwa kazi yake ni tuhuma? Kwa mhasibu, usitanie fedha. Kwa nesi, usitanie mgonjwa. Kwa mtu wa masjala, usitanie jalada lililopotea, hata kama lilionekana baadaye chini ya mto wa kiti cha mtu mwingine. Jalada kupotea kunaweza kuwa kosa la kinidhamu, na kuna atakayesikia nusu tu ya hadithi.

La tatu: mtu asiyefanya kazi hapo anaelewa? Mume wake na watoto wamekaa mbele. Kama kisa kinahitaji maelezo ya nani alikuwa nani na mfumo ulikuwa unafanyaje, kiache.

Kinachopita ni cha kumsainisha bosi daftari la kuazima majalada. Kila mtu anaelewa daftari la kusaini, anayeshinda ni Mama, na kinaonyesha alivyokuwa makini na haki bila mtu kutamka "umakini" wala "haki". Umri, unene, mishahara na kiinua mgongo havitaniwi kabisa, na sioni sababu ya kubishana juu ya hilo.

Sasa kiandike. Weka mahali, tendo, maneno yake mwenyewe, halafu jambo moja la mwisho linalochekesha zaidi ya yaliyotangulia, kisha nyamaza. Usianze na "kuna kisa kimoja cha kuchekesha sana", kwa maana umewaambia watu wacheke kabla hujawapa cha kuchekea. Wala usimalize kwa "hii inatufundisha kwamba". Maneno sitini hadi mia moja na ishirini yanatosha. Kama bosi wa kwenye kisa bado yupo kazini mahali pengine, usimtaje jina. Ukiweza, mpigie umwombe ruhusa. Mara nyingi hufurahi, na pengine atakupa kipande usichokijua.

Kisha mwonyeshe kisa mtu mmoja wa rika la mstaafu. Vijana wa ofisi mtacheka kwa chochote.

Matakwa mema yasifanane na tanzia

Hapa wengi huteleza. Lugha yetu ya kuaga mstaafu imekaa jirani mno na lugha ya msiba: pengo lisilozibika, tutakukumbuka daima, alikuwa mtu wa watu, pumzika sasa. Chukua kila sentensi ya mwisho wa risala ujiulize kama ingeweza kusomwa makaburini bila kubadilishwa. Ikiwezekana, ifute. Mstaafu yupo hai, amevaa kitenge kipya, na kesho anaamka kwenda kwenye migomba yake.

Dawa ni ile simu uliyopiga nyumbani. Ukijua anakwenda kulima, mtakie mvua za wakati wake. Ukijua anarudi kwenye kwaya aliyoikosa kwa miaka kwa sababu ya barua za jioni, itaje kwaya. Kama ofisi ina watu wa dini tofauti, "Mwenyezi Mungu akujalie" inawabeba wote. Dua ndefu au sala muachie shehe au mchungaji kama yumo kwenye ratiba.

Usiahidi yasiyotimizwa. "Tutakuja kukutembelea kila mwezi" ni uongo, na yeye anajua. Ahidi dogo la kweli, au geuza ahadi kuwa utani.

Risala yenyewe

Nimeiandika kwa kumsemesha yeye, si kumsema. Ni badiliko dogo lakini linafuta nusu ya ubaridi wa risala zetu. Salamu za itifaki ziko mstari mmoja, maana mshereheshaji ameshazimaliza.

> Ndugu Mkurugenzi, familia ya Mama, watumishi wenzangu. Kwa ruhusa yenu, maneno haya nayaelekeza kwake mwenyewe.
>
> Mama, shikamoo.
>
> Ulipoingia masjala mwaka 1991, barua zilipigwa kwa taipureta na nakala zikatoka kwa karatasi ya kaboni. Leo madokezo yanapita kwenye kompyuta. Lakini wengi tulio hapa, siku tuliyoripoti kazini tukiwa na bahasha mkononi na hatujui pa kukaa, barua yetu uliipokea wewe, ukaigonga muhuri, ukatufungulia jalada.
>
> Asante kwa kutufundisha kuandika dokezo. Hukumsema mtu mbele ya wenzake. Ulilirudisha likiwa na kikaratasi cha penseli: "Anza na ombi, maelezo yafuate." Mpaka leo tunaanza na ombi.
>
> Asante kwa ile wiki paa lilipovuja. Ulikuja Jumamosi na mwanao, mkatandaza majalada ukumbini, karatasi moja moja. Jumatatu hakuna mwalimu aliyeambiwa kwamba barua yake ya ajira imeharibika.
>
> Asante kwa wazee waliofika dirishani kwako wametembea tangu alfajiri. Hukuwaambia njoo kesho. Uliwapa kiti kwanza, ndipo ukauliza shida yao.
>
> Sasa Mama, utusamehe, hili nalo litasemwa. Mkurugenzi mmoja wa zamani, wiki yake ya kwanza hapa, aliingia masjala mwenyewe, akachukua jalada kwenye rafu, akageuka kuondoka. Ulisimama, ukafungua daftari la kuazima majalada, ukamkabidhi na kalamu. "Karibu sana, baba. Saini hapa kwanza." Sisi tuliokuwa mlangoni tulikumbuka ghafla kwamba tuna kazi kwingine. Bosi akasaini. Kesho yake, saa mbili kamili asubuhi, simu ya mezani kwake ikalia: "Habari za asubuhi, baba. Lile jalada letu umelimaliza?"
>
> Tunajua migomba inakusubiri, na mazoezi ya kwaya ya Jumatano ambayo barua zetu za jioni zilikukosesha. Mwenyezi Mungu akujalie afya ya kuyafanya yote mawili, mvua za wakati wake, na usingizi usiokatizwa na mtu wa ofisini anayeuliza jalada liko wapi. Ingawa hilo la mwisho, Mama, hatukuahidi.
>
> Zawadi yetu ni ukurasa mmoja wa daftari lako. Sote tumesaini.

Hiyo inasomeka kwa dakika mbili na nusu hivi, na kicheko kitaifikisha tatu. Ule ukurasa wa mwisho ni kadi: chukua karatasi iliyochorwa safu kama za daftari la kuazima (tarehe, jina, saini, maoni), kila mtumishi ajaze mstari wake, kisha itiwe kwenye fremu. Gharama yake ni ndogo, nayo inaungana na kisa. Kama mmechanga zawadi ya thamani zaidi, itolewe pamoja na kadi hiyo, ila kiasi kilichochangwa kisitajwe kwenye kipaza sauti.

Kuna atakayependekeza risala yote iandikwe kama barua ya serikali, yenye "Kumb. Na." juu na "Yah: Kukuaga" katikati. Ni wazo zuri kwa kadi. Kwa kusoma halifai, kwa sababu utani wake unaonekana kwa macho na sikio halipati kitu.

Kabla ya kusimama

Nani asome? Si lazima awe aliyeandika, wala mwenye cheo kikubwa. Mtafute mwenye sauti inayosikika ambaye mstaafu anamjua vizuri. Kijana aliyefundishwa kazi naye anafaa kuliko mkuu wa idara aliyehamia mwaka jana. Asome kwa sauti mara mbili nyumbani huku akitazama saa. Anapokwama ulimi, sentensi ndiyo yenye kosa: ikate. Kama anahisi atalia, mwenzake akae karibu na nakala ya pili, ili aendeleze bila kuanza upya.

Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na sentensi isikatwe na mwisho wa ukurasa. Hakikisha majina, miaka na vyeo kwa afisa utumishi. Ukikosea mwaka wa kuajiriwa, familia nzima itajua kabla hujamaliza mstari.

Asiyeweza kufika, au ofisi ya mkoa inayotaka kutuma salamu, atumie toleo fupi lenye vipande vilevile vitatu, yaani shukrani, kisa na matakwa mema:

> Mama, shikamoo. Asante kwa kila dokezo ulilolirudisha na kikaratasi cha penseli. Hata huku mkoani tunaanza na ombi. Tumesikia bosi wetu wa zamani bado anakuogopa saa mbili asubuhi. Tunakutakia afya, migomba mizito, na Jumatano zote za kwaya.

Baada ya hafla, mtu atataka kuiweka picha na risala kwenye mitandao. Muulize mstaafu kwanza, na hata akikubali, ondoa jina lake kamili, tarehe ya kustaafu na namba ya simu. Matapeli huwapigia wastaafu wapya wakijifanya maofisa wa mfuko wa mafao, wakitaka "kuhakiki taarifa" au walipwe ada ili fedha zitoke, na tangazo lenu la upendo linaweza kuwapa kila wanachohitaji ili waaminike. Nakala kamili mpeni yeye mkononi, na nyingine iwekwe, ikiwezekana, kwenye jalada lake.